Lehemu Hupanda Kabla Mwanamke Hajajua Kuwa Hedhi Imekoma

Daktari humwambia mwanamke kuwa hedhi yake imekoma pale anapotimiza miezi 12 mfululizo bila kuona damu. Kwa wengi hilo hutokea kati ya miaka 45 na 55. Kipimo hicho ni cha kuangalia nyuma: ile hedhi ya mwisho hujulikana kuwa ya mwisho baada ya mwaka mzima kupita. Wakati mwanamke bado anahesabu miezi, akijiuliza kama itarudi au ndiyo imekwenda moja kwa moja, mafuta ndani ya damu yake huwa tayari yamebadilika.

Jambo hili lilionekana wazi katika utafiti wa Marekani uitwao SWAN, ulioanza mwaka 1996 na kufuatilia zaidi ya wanawake 3,000, Wazungu, Weusi, Wachina, Wajapani na wenye asili ya Amerika ya Kusini. Walipimwa mwaka hadi mwaka kabla na baada ya hedhi kukoma. Mwaka 2009, Karen Matthews na wenzake walitoa matokeo: lehemu, yaani kolesteroli, na hasa ile mbaya inayoandikwa LDL kwenye karatasi ya maabara, iliruka ghafla ndani ya kipindi kifupi kinachoizunguka hedhi ya mwisho. Iliruka hivyo kwa wanawake wa makundi yote. Umri peke yake hauelezi mruko wa namna hiyo, kwa kuwa umri hupandisha vitu polepole.

Chanzo kiko kwenye ini. Juu ya seli za ini kuna vipokezi vinavyoikamata LDL inayopita kwenye damu na kuiingiza ndani ili ivunjwe, na homoni ya estrojeni ndiyo inayolisaidia ini kuwa na vipokezi vingi. Estrojeni ikishuka, vipokezi hupungua. Ni kama bandari iliyopunguziwa gati: meli zinakuja zilezile, ila sasa zinakaa nje siku nyingi zaidi zikisubiri kushusha. LDL inayokaa muda mrefu kwenye damu hupata nafasi ya kupenya kwenye kuta za mishipa, na huko huanza kujenga utando unaoziba njia ya damu kwenda moyoni. Ndiyo maana mwanamke anaweza kula vilevile alivyokula miaka yote, na bado lehemu yake ikapanda.

Presha hufuata njia nyingine. Katika matokeo yale yale ya 2009 haikuruka karibu na hedhi ya mwisho. Ilipanda taratibu kadiri umri ulivyosonga. Hata hivyo estrojeni ina mkono wake hapo. Huisaidia mishipa kutoa nitriki oksidi, gesi inayoilegeza ili damu ipite bila kusukumwa kwa nguvu, na pia huzisaidia figo kutoa chumvi. Watafiti waliwahi kuwapima wanawake kabla na baada ya kuondolewa ovari kwa upasuaji. Miezi michache tu baadaye, idadi ya wale ambao presha yao ilipanda kwa sababu ya kula chumvi ilikuwa imeongezeka zaidi ya mara mbili. Chumvi waliyoivumilia jana, leo iliwapandisha presha.

Tuchukue mfano wa mwalimu wa miaka 51 anayeishi Dodoma. Havuti sigara, hana kisukari, na hajaona hedhi kwa miezi minane. Alipokuwa na miaka 46 presha yake ilikuwa 116/74 na LDL yake 2.8. Leo presha ni 134/86 na LDL ni 3.6. Nesi anamwambia, "Mama, presha yako haina shida," na hasemi uongo, kwa kuwa ugonjwa wa presha huhesabiwa kuanzia 140/90. Hata jedwali la Shirika la Afya Duniani la kukadiria hatari ya moyo litamweka mahali salama. Jedwali hilo linauliza umri, jinsia, sigara, kisukari, presha na lehemu. Haliulizi hedhi ilikoma lini.

Mimi nasema karatasi zake mbili ziwekwe pamoja. Ukisoma ya leo pekee, unaona mtu mzima wa afya. Ukisoma zote mbili, unaona mwanamke anayepanda mlima, na hiki ndicho kipindi ambacho juhudi ndogo huzaa sana. Kwanza apimwe tezi ya shingo, kwa sababu tezi inayofanya kazi kwa uvivu nayo hupandisha LDL na humpata sana mwanamke wa rika hili. Uchovu na unene unaoletwa na tezi hiyo hudhaniwa kuwa ni mambo ya hedhi tu. Kisha aangalie jikoni. Mafuta ya mawese, hata yakiwa yamesafishwa na kung'aa, karibu nusu yake ni yale mafuta yanayoganda yanayopandisha LDL. Ya alizeti, yanayokamuliwa huko huko Dodoma na Singida, yana kiasi kidogo sana cha mafuta hayo. Chumvi ya siku nzima isizidi kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, ukihesabu na iliyomo kwenye dagaa wa chumvi na vidonge vya mchuzi. Arudie kipimo cha mafuta baada ya miezi mitatu. LDL ikifika 4.9, madaktari wengi hawangoji tena, humwanzishia dawa.

Presha nayo ipimwe ipasavyo. Akae dakika tano kimya, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono usawa wa moyo, kibofu kikiwa kitupu. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene hutoa namba kubwa ya uongo. Na asisubiri mwili umwambie. Joto la ghafla, jasho na moyo kwenda mbio huja hata presha ikiwa sawa, na presha ikiwa juu mara nyingi haisemi kitu. Ila kifua kikibana anapopanda ngazi au anapobeba ndoo, kisha kikaachia akipumzika, hilo si joto la hedhi. Aende hospitali siku hiyo hiyo.

Wengi huuliza: kama tatizo ni estrojeni kupungua, si irudishwe kwa vidonge? Hilo lilijaribiwa kwa wanawake zaidi ya 16,000 huko Marekani. Mwaka 2002 jaribio la estrojeni pamoja na projestini lilisimamishwa kabla ya muda wake, baada ya saratani ya matiti, kiharusi na matatizo ya moyo kuongezeka badala ya kupungua. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 63, na utafiti wa baadaye umeonyesha kuwa anayeanza mapema hupata matokeo tofauti na anayechelewa. Leo homoni hutolewa kwa ajili ya joto na jasho linalomnyima mtu usingizi, kwa mwanamke asiye na kizuizi cha kiafya, hasa akiwa chini ya miaka 60. Hazitolewi kwa lengo la kukinga moyo.

Wanaohitaji uangalizi zaidi ni wale ambao hedhi ilikoma kabla ya miaka 45, na zaidi kabla ya 40, iwe yenyewe au kwa kuondolewa ovari. Mishipa yao imekosa estrojeni miaka mingi zaidi. Kama ni wewe, mtajie daktari umri uliokuwa nao hedhi ilipokoma, kila unapokwenda kupima presha au lehemu, hata kama hajakuuliza, na mwombe auandike kwenye faili lako.