Kukata Protini Kabla ya Kuipima

Albumini ya damu ya ng'ombe, protini ambayo maabara nyingi huitumia kujaribia spektrometa ya masi, ina asidi amino 583 na vifungo 17 vya salfa. Ikiwa imejikunja hivyo, tripsini, kimeng'enya cha kuikata, haifiki ndani.

Kwa hiyo huanza dithiothreitoli, kwenye joto la nyuzi 56 kwa takriban nusu saa. Vifungo hufunguka. Vikiachwa hivyo huweza kushikana tena, ndiyo maana hufuata iodoasetamidi, tena gizani, kwa sababu mwanga huiharibu. Kila sisteini huongezeka uzito wa daltoni 57, na mchambuzi asipoiarifu programu ya kompyuta, vipande hivyo havitatambuliwa.

Ndipo huingia tripsini: gramu 1 kwa kila gramu 50 za protini, nyuzi 37, usiku kucha. Hukata baada ya laisini na arginini, ila kwa kawaida si pale zinapofuatwa na prolini.

Asubuhi hutiwa asidi ya fomiki hadi pH ishuke chini ya 3, na kimeng'enya husimama. Hapa karatasi ya pH ni lazima, maana bafa kali humeza matone ya kwanza. Vipande vingi vikionekana bado vina laisini katikati, ukataji haukukamilika.