Simu ya Zamani, Gemu Bila Bando

Nyumba nyingi zina simu iliyostaafu: kioo kina ufa, WhatsApp inaganda, mwenyewe ameshanunua nyingine. Mara nyingi si prosesa iliyochoka. Kinachoielemea ni programu zinazojisasisha, kusawazisha akaunti na kutafuta mtandao muda wote, huku RAM ikiwa GB 2 tu. Ukiziondolea kazi hizo, simu hiyohiyo inaendesha gemu nyepesi vizuri kabisa. Ila mpangilio wa hatua una maana kubwa.

Kabla ya yote, kagua betri. Iweke simu kifudifudi juu ya meza, kisha chifudifudi upande wa pili. Ikiyumba, au kioo kimeanza kuinuka pembeni, betri imevimba. Usiichaji wala kuibonyeza irudi. Mpelekee fundi aibadilishe, hasa kama mtumiaji atakuwa mtoto.

Betri ikiwa salama, hamisha picha na namba, kisha ondoa akaunti ya Google kwenye Mipangilio kabla ya kufuta chochote. Wengi hukwama hapa. Tangu Android 5.1 kuna kinga dhidi ya wezi: simu ikifutwa kwa vitufe vya pembeni huku akaunti ikiwa bado ndani, ikiwaka inadai akaunti hiyohiyo na nywila yake. Ukiwa umeisahau, umebaki na kipande cha kioo. Akaunti ikishatoka, irudishe simu kwenye hali ya kiwandani, toa laini, na itakapokuuliza akaunti, ruka. Kifaa cha gemu hakiihitaji.

Gemu utazipata wapi bila akaunti? Mimi napendekeza F-Droid, duka la programu huria linalopakuliwa kutoka f-droid.org kwa kutumia Wi-Fi. Kwa simu ya GB 2 ningeanza na tatu. DroidFish ni sataranji, na mpinzani wake hahitaji mtandao. Simon Tatham's Puzzles ni mkusanyiko wa mafumbo madogomadogo, mepesi mno, ambayo mtu mzima anaweza kuyacheza miezi. Shattered Pixel Dungeon ni safari ya kushuka shimoni penye mazimwi, na kila ukianza upya ramani inabadilika. Zote hazina matangazo.

Kuna gemu nyingine zinazohadaa. Chukua Luanti, ulimwengu wa matofali wa kuchimba na kujenga. Programu yenyewe inasakinishwa na kufunguka, lakini haina gemu ndani. Ni lazima uingie sehemu ya maudhui ukiwa bado na mtandao, upakue mojawapo, kwa mfano Minetest Game. Ukizima Wi-Fi mapema, mtoto atakuta skrini tupu. Gemu kadhaa za biashara nazo hupakua viwango vya mbele baadaye, au hudai kuhakiki leseni kila zinapofunguliwa.

Kwa hiyo jaribio la kweli ni hili: washa hali ya ndege, zima simu kabisa, iwashe tena, kisha fungua kila gemu na ucheze kidogo. Usiridhike na kuona jina lake tu. Inayogoma, iondoe.

Sasa ndipo upunguze. Ingia kwenye orodha ya programu, uzime kimoja kimoja usivyohitaji: kivinjari, barua pepe, YouTube, ramani. Usiguse kibodi, skrini ya mwanzo, wala kitu usichokijua kazi yake. Baadhi ya simu hazikupi kitufe cha kuzima programu za kiwandani. Mwenye kompyuta yenye adb anaweza kuwasha utatuzi wa USB na kuandika, kwa mfano:

```
adb shell pm uninstall --user 0 com.facebook.appmanager
```

Amri hiyo huiondoa programu kwa mtumiaji huyo tu. Nakala hubaki kwenye mfumo, na simu ikirudishwa kiwandani inarejea. Kwa sababu hiyo usitarajie nafasi ya hifadhi kuongezeka sana. Unachopata ni RAM na utulivu.

Kwa mtoto mdogo, tafuta kwenye mipangilio ya usalama sehemu ya kubandika programu. Gemu ikishabandikwa, hatoki humo bila PIN yako, mradi umechagua PIN iulizwe.

Jambo moja halikwepeki: simu hii haipati tena masasisho ya usalama. Usiirudishie laini, usiiwekee M-Pesa wala akaunti ya benki, na ukiiunganisha na Wi-Fi kuongeza gemu, rudisha hali ya ndege mara umalizapo. Ikiwa haitumiki kwa wiki kadhaa, izime ikiwa na chaji karibu nusu; betri inayoachwa sifuri kwa muda mrefu huweza kukataa kuchaji tena.