Kukisia Kisichoonekana: Kikomo cha Chini cha Ushahidi

Katika njia ya uwezekano mkubwa kabisa, vigezo vya modeli hurekebishwa mpaka data iliyopatikana iwe na uwezekano wa juu kuliko wote. Kazi hiyo ni nyepesi pale kila kitu kinapoonekana. Ugumu huanza modeli inapokuwa na kigeu fiche z, kisichopimwa lakini kinachochangia kuizaa data x. Hapo p(x) haipatikani mpaka zijumlishwe hali zote za z. Vigeu fiche 100 vya ndiyo au hapana, vikiwa vinaathiriana, vina hali 2^100. Hakuna kompyuta ya kuzipitia moja moja.

Njia ya mgawanyo mbadala huikwepa jumla hiyo. Huchaguliwa mgawanyo mwepesi q(z), kisha hurekebishwa uukaribie ule wa kweli, p(z|x). Kinachopandishwa ni

L(q) = wastani wa [ln p(x,z) − ln q(z)]

wastani ukichukuliwa kwa kufuata q. Hiki ndicho kikomo cha chini cha ushahidi, kwa kuwa hakiwezi kamwe kuipita ln p(x), ambayo ndiyo huitwa ushahidi. Pengo kati yao ni umbali wa Kullback na Leibler kutoka q hadi p(z|x), na umbali huo haushuki chini ya sifuri. Uzuri wa jambo uko hapa: kwa kuipandisha L, q huvutwa kuelekea mgawanyo ambao haujulikani.

Tuseme nusu ya wagonjwa wa zahanati fulani wana malaria (z), na homa (x) huwapata 0.8 ya wenye malaria na 0.2 ya wasio nayo. Kwa mgonjwa mwenye homa, p(x,z) ni 0.4 akiwa na malaria na 0.1 akiwa hana. Jumla ni 0.5, na ln 0.5 ni −0.693. Kisio la nusu kwa nusu linatoa

0.5 ln(0.4/0.5) + 0.5 ln(0.1/0.5) = −0.916

Pengo ni 0.223. Kisio likiwa 0.8 kwa 0.2, L inafika −0.693 na pengo linatoweka, maana huo ndio mgawanyo wa kweli.

Vigezo vya modeli visipojulikana, navyo hurekebishwa ili kuipandisha L hiyohiyo, kwa zamu na q au kwa pamoja.

Hatari iko katika wepesi wa q. Mara nyingi vigeu fiche huchukuliwa kana kwamba havitegemeani. Viwili vyenye mgawanyo wa kawaida, kila kimoja kikiwa na variansi 1 na uwiano wa 0.9 kati yao, hupewa variansi ya 0.19 tu: wastani ni sahihi, lakini uhakika umetiwa chumvi. L haitoi onyo, kwani hutulia hata pengo likiwa kubwa. Anayetaka kuamini variansi hizo azilinganishe kwanza na sampuli za Monte Carlo, walau kwenye sehemu ndogo ya data.