Kusoma Viza ya Ujerumani kutoka kwenye Picha

Stika ya viza ya Ujerumani hujaza ukurasa mmoja tu wa pasipoti, lakini masharti yote makuu ya safari yamo humo: siku za kukaa, idadi ya kuingia na ruhusa ya kufanya kazi. Mwenye viza anayekwenda kumtembelea ndugu Hamburg au kusomea uuguzi Leipzig mara nyingi hupiga picha ukurasa huo na kumtumia mtu anayejua Kijerumani amfasirie. Kazi yenyewe huonekana ndogo, kwa kuwa maneno hayafiki hata hamsini. Ugumu wake ni kwamba yamefupishwa, na kosa la tarakimu moja linaweza kumgeuza mgeni halali kuwa mkaaji asiye na kibali.

Picha nzuri hupigwa bila mwanga wa kamera. Stika ina alama ya usalama inayong'aa, na mwanga ukiipiga hutokea doa jeupe linalofunika maandishi ya jirani. Pembe zote nne zionekane, pamoja na mistari miwili ya herufi na alama za `<` iliyo chini kabisa, ambayo wengi huikata wakidhani haina maana. Faida yake itaonekana hivi punde.

Tarehe ndizo zinazopotosha watu zaidi. Chukua viza fupi ya aina ya C inayoanza 01-07-25 na yenye neno BIS, yaani hadi, mbele ya 29-08-25. Siku hutangulia, kisha mwezi, kisha mwaka. Sehemu nyingine, iliyoandikwa DAUER DES AUFENTHALTS, inasema 45 TAGE. Tarehe mbili za kwanza zinatoa kipindi cha siku 60 ambacho ndani yake viza inaweza kutumika, na namba ya 45 ndiyo siku ambazo mgeni anaruhusiwa kukaa. Siku 15 zilizozidi si zawadi ya kukaa. Sheria ya viza ya Umoja wa Ulaya huziongeza ili safari ikisogezwa mbele kidogo, msafiri asilazimike kuomba viza upya.

Mtafsiri akiandika tu kwamba “viza inaisha 29 Agosti”, hajadanganya, ila amemwacha mwenye pasipoti gizani. Tuseme mgeni huyo aliingia 5 Julai. Siku ya kuingia huhesabiwa, na ya kutoka pia. Julai inampa siku 27, zinabaki 18, hivyo siku yake ya mwisho ni 18 Agosti. Akisubiri hadi tarehe 29 atakuwa amepitiliza siku 11. Angechelewa na kuingia 1 Agosti, hesabu ya siku 45 ingefika katikati ya Septemba, lakini hapo kipindi cha viza ndicho kingemkatisha: angetakiwa kutoka 29 Agosti akiwa amekaa siku 29 tu. Kikomo kinachotangulia ndicho kinachoshika. Tafsiri yenye manufaa huweka vipimo vyote viwili na kuvitenganisha waziwazi: “kipindi cha kutumia viza” na “siku zinazoruhusiwa kukaa”.

Idadi ya kuingia huandikwa 01, 02 au MULT, yaani mara nyingi. Mwenye 01 akitoka kwenda London harudi tena kwa viza hiyo, hata kama siku zake hazijaisha, kwa sababu Uingereza haimo katika nchi za Schengen.

Siku ya kuingia husomwa kwenye muhuri wa mpakani, ambao mara nyingi uko ukurasa mwingine, kwa hiyo picha ya stika peke yake haitoshi. Muhuri wa kuingia ni mstatili wenye pembe kali. Wa kutoka una pembe zilizoviringwa. Ndani yake mna herufi ya nchi iliyozungukwa na nyota (D ni Ujerumani), mshale, mchoro mdogo wa ndege, meli, gari au treni, tarehe, na jina la kituo cha mpakani. Wino ukiwa umefifia, pembe na mshale ndivyo vinavyoonyesha kama mtu aliingia au alitoka. Tangu 12 Oktoba 2025 Umoja wa Ulaya ulianza, hatua kwa hatua, kuandikisha wageni wa muda mfupi kwa mfumo wa kompyuta unaochukua picha ya uso na alama za vidole badala ya kugonga muhuri. Kwa mgeni aliyeandikishwa hivyo, pasipoti isiyo na muhuri haimaanishi kwamba hakuingia.

Sasa turudi kwenye ile mistari miwili ya chini. Tuseme doa la mwanga limeangukia tarehe ya mwisho, na haijulikani kama mwezi ni 06 au 08. Katika mstari wa pili, baada ya herufi ya jinsia, tarehe hiyo hiyo hurudiwa ikianza na mwaka, na kufuatiwa na tarakimu moja ya ukaguzi:

```
F2508290
```

Tarakimu sita za tarehe huzidishwa kwa 7, 3, 1, kisha 7, 3, 1 tena. Kwa 250829 majibu ni 14, 15, 0, 56, 6 na 9; jumla ni 100, na tarakimu yake ya mwisho ni 0, sawa na ile iliyochapwa. Mwezi ungekuwa 06, jumla ingekuwa 86 na tarakimu ya ukaguzi ingekuwa 6. Shaka imekwisha bila kubahatisha. Pale ambapo hakuna njia ya kuhakikisha, mtafsiri huandika “haisomeki” ndani ya mabano ya mraba na kuomba picha nyingine.

Ruhusa ya kazi iko kwenye maelezo ya chini, ANMERKUNGEN. Viza ya matembezi huweza kuandikwa ERWERBSTÄTIGKEIT NICHT GESTATTET. Wengi hufasiri “haruhusiwi kuajiriwa”, na hapo ndipo tatizo huanza, kwani sheria ya ukaaji ya Ujerumani inaweka kazi ya kujiajiri pia chini ya neno hilo la kwanza. Mgeni anayesuka watu nywele kwa malipo sebuleni kwa dada yake hana mwajiri, lakini amevunja sharti. Tafsiri iliyo sahihi ni “haruhusiwi kufanya kazi yoyote ya kipato, ya kuajiriwa wala ya kujiajiri”. Neno linaloruhusiwa au kukatazwa likiwa BESCHÄFTIGUNG, basi linalozungumziwa ni ajira peke yake, na haifai kulipanua. Neno NICHT nalo liangaliwe mara mbili, maana likifichwa na mkunjo wa ukurasa, katazo husomeka kama ruhusa.

Viza ndefu ya aina ya D hutaja zaidi kifungu cha sheria kuliko kueleza. Mwanafunzi wa uuguzi anaweza kukuta § 16a AufenthG, kifungu cha mafunzo ya kazi katika sheria hiyo ya ukaaji. Tangu Machi 2024 kifungu hicho kinamruhusu mwanafunzi kufanya kazi nyingine, nje ya mafunzo yake, hadi saa 20 kwa wiki. Saa hizo zikiwa hazikuandikwa kwenye stika, mtafsiri haziingizi ndani ya tafsiri kana kwamba zilichapwa. Huacha namba ya kifungu ilivyo, na maelezo huyaweka pembeni kama maelezo ya mtafsiri, pamoja na tarehe aliyoisoma sheria.