Kidonge kwa Maji, Si kwa Juisi

Wapo wanaomeza kidonge kwa glasi ya juisi ili kuondoa uchungu mdomoni. Kwa dawa nyingi hapana neno. Lakini iko feksofenadini, dawa ya mzio kwa wenye chafya na macho ya kuwasha.

Mwaka 2008 mtafiti David Bailey wa Kanada alieleza jaribio lake. Watu waliomeza dawa hiyo kwa juisi ya balungi walipata mwilini nusu tu ya kile kilichoingia walipomeza kwa maji.

Sababu ni kwamba dawa hii huvushwa katika ukuta wa utumbo na protini maalum, mithili ya wapagazi bandarini. Naringini iliyomo katika balungi huwashika wapagazi hao mikono, na dawa ikatoka na choo. Juisi ya machungwa na ya tufaha nazo hupunguza dawa hii. Basi mgonjwa ataendelea kupiga chafya, aseme kauziwa dawa bandia!

Kwa siprofloksasini, ambayo ni antibiotiki, jihadhari na juisi ya paketi iliyoongezwa kalsiamu. Madini hayo hushikamana na dawa isifyonzwe vizuri. Hapa hasara si chafya tu: dawa ikipungua katika damu, vijidudu husalia na huweza kuwa sugu.

Mpenda juisi ya balungi aiache ipite muda wa saa 4 hivi kabla ya feksofenadini. Maji ya kawaida, glasi nzima, hayahitaji kusubiriwa.