Geuza Michoro ya Uchumi Kuwa Jedwali

Huenda nyumbani mwako yumo kijana, au wewe mwenyewe baada ya kazi, anayejiandaa kwa mtihani wa uchumi. Daftari limejaa mistari inayokatana, na kila mchoro una maelezo ya ukurasa mzima. Njia nyepesi ya kuirudia ni kuyakusanya yote katika jedwali moja.

Tuchukue kisa cha kweli. Mwezi Julai 1975 jalidi iliunguza mibuni mingi katika jimbo la Parana, nchini Brazili. Mbuni mpya huchukua kama miaka 3 au 4 kabla ya kuzaa vema, kwa hiyo pengo halikuzibika upesi. Bei ya kahawa duniani ilipanda hata ikafikia kilele mwaka 1977. Bei ya chai nayo ilipanda.

Kwa kila mchoro jiulize kwanza: ni jambo gani lililotokea, nalo lilimgusa muuzaji au mnunuzi? Likimgusa muuzaji, mstari wa ugavi ndio unaohama. Likimgusa mnunuzi, ni ule wa mahitaji. Kisha andika upande, na mwisho matokeo:

| Sababu | Mstari uliohama | Upande | Bei | Kiasi |
|---|---|---|---|---|
| Jalidi yaunguza mibuni | Ugavi wa kahawa | Kushoto | Yapanda | Chapungua |
| Wanywaji wa kahawa wahamia chai | Mahitaji ya chai | Kulia | Yapanda | Chaongezeka |

Hapa ndipo wengi hujikwaa. Huongeza mstari wa tatu: "Kahawa ni ghali, basi mahitaji ya kahawa yamehama kushoto." Sivyo. Bei ya kahawa yenyewe haiuhamishi mstari wa mahitaji ya kahawa. Mnunuzi husogea tu juu ya mstari ule ule, na upungufu huo umekwisha kuhesabiwa katika safu ya kwanza. Mstari huhamishwa na jambo lililo nje ya bei ya bidhaa hiyo, kama vile kipato, hali ya hewa, au bei ya bidhaa nyingine.

Unaweza kulikagua jedwali kwa kutazama safu wima mbili za mwisho. Bei na kiasi vikienda pamoja, mahitaji ndiyo yaliyohama. Vikipishana, ni ugavi. Safu isiyotii kanuni hii ina kosa, ama ina mistari miwili iliyohama kwa pamoja.

Tuseme ukame unapunguza chai wakati ule ule wanywaji wake wanapoongezeka. Bei itapanda bila shaka, lakini kiasi hutegemea ni mstari upi uliohama zaidi. Hapo andika "hakijulikani", wala usibahatishe.

Siku ya kurudia, funika safu zote wima isipokuwa ile ya sababu, kisha uchore upya kila mchoro kwa kichwa. Utakaposhindwa kuchora, hapo ndipo pa kurudi daftarini.