Ukivunja Amana Kabla ya Siku Yake

Mteja anayekwenda kuvunja akaunti ya muda maalumu huwa ameshapiga hesabu nyumbani. Alikubaliana na benki riba ya asilimia 9 kwa mwaka, fedha zimekaa miezi saba, basi achukue riba ya mwaka, aigawe kwa kumi na mbili, azidishe kwa saba. Amesikia pia kwamba kuna adhabu, kwa hiyo anapunguza kidogo. Akifika kaunta anaoneshwa kiasi ambacho ni nusu ya alichotarajia, na hapo ndipo ugomvi unapoanza. Yeye anaamini ameibiwa. Afisa wa benki anamwonesha mkataba wenye saini yake. Mara nyingi hesabu ya benki huwa imefuata mkataba, ila mkataba wenyewe haukuwahi kuelezwa kwa mtu aliyetakiwa kuusaini.

Kosa liko katika ile asilimia 9. Mteja huichukulia kama mshahara wa kila siku: siku iliyopita ni siku iliyolipwa. Benki haiioni hivyo. Kwake asilimia 9 ni bei ya ahadi ya miezi kumi na miwili. Inapochukua fedha za mwaka mzima, inaweza kuzikopesha au kununua dhamana za serikali bila wasiwasi kwamba zitadaiwa kesho, na ndiyo sababu inalipa riba kubwa kuliko ya akaunti ya akiba. Mteja akizitaka mapema, ahadi haijatimia, na bei ya ahadi hiyo haitumiki tena. Kinachotafutwa ni bei ya muda ambao fedha zimekaa kweli.

Tufuate mfano mmoja hadi mwisho. Mwalimu mstaafu wa Morogoro aliweka shilingi 10,000,000 za mafao yake kwa miezi kumi na miwili kwa asilimia 9. Siku aliyofungua akaunti, benki hiyo ilikuwa ikilipa asilimia 7 kwa amana ya miezi sita. Mkataba wake unasema kwamba amana ikivunjwa italipwa kiwango cha muda uliokamilika, kikipunguzwa pointi 2 za asilimia kama adhabu. Viwango hivi ni vya mfano, na benki hutofautiana, lakini mpango wenyewe ni wa kawaida. Siku ya 210 paa la nyumba linaharibika na mwalimu anahitaji shilingi 4,000,000.

Kwa hesabu yake mwenyewe, milioni kumi kwa asilimia 9 kwa siku 210 kati ya 365 ni shilingi 517,808. Benki inaanza kwingine. Muda uliokamilika ni miezi sita, kwa hiyo kiwango kinashuka hadi asilimia 7, na riba inakuwa 402,740. Adhabu inakishusha tena hadi asilimia 5, na riba inabaki 287,671. Kisha inakatwa kodi ya zuio, ambayo kwa mkazi wa Tanzania ni asilimia 10 ya riba, yaani shilingi 28,767. Anaondoka na riba ya shilingi 258,904, ambayo ni nusu kamili ya alichotarajia.

Tazama upungufu ulitoka wapi. Adhabu, ambayo ndiyo aliyokuwa akiiogopa, ilichukua shilingi 115,068. Kushuka kwa kiwango kutoka asilimia 9 hadi 7 kulichukua kiasi kilekile, na hakuna aliyemtajia habari hiyo. Kodi nayo ingekatwa hata kama angesubiri mpaka siku ya mwisho, ila wateja wengi huisahau kwa sababu kiwango kinachotangazwa ukutani ni cha kabla ya kodi. Nchini Kenya hali ni hiyohiyo, isipokuwa mkazi hukatwa asilimia 15. Na mtu aliyejadiliana na meneja akapata kiwango cha juu kuliko kilichotangazwa ana pigo jingine linalomsubiri, kwa kuwa akivunja huenda akarudishwa kwenye kiwango cha tangazo na si kile alichokipigania.

Hayo ni kwa aliyekubali kusubiri riba hadi mwisho. Aliyechagua kulipwa riba kila mwezi hukutana na jambo linalouma zaidi. Tuseme mwalimu wetu alikuwa akipokea shilingi 75,000 kila mwezi, zikikatwa kodi zinabaki 67,500. Kwa miezi sita ameshapokea 405,000 na ameshazitumia. Siku ya kuvunja, benki inasema alistahili 258,904 tu kwa muda wote. Ziada ya shilingi 146,096 inarudishwa, na kwa kuwa haipo kwenye akaunti, inakatwa kwenye mtaji. Aliyeweka milioni kumi anapokea shilingi 9,853,904. Mtu asiyejua mpango huu atakwambia kwa kiapo kwamba benki imemla mtaji, na kwa macho yake ndivyo ilivyo.

Hapa kuna kitu cha kukagua kwa makini. Benki inaweza kurudisha ziada hiyo kwa hesabu ya kabla ya kodi: ilimpa 450,000, alistahili 287,671, kwa hiyo inakata 162,329. Lakini mwalimu hakupokea 450,000 mkononi, kwani sehemu yake ilikwisha kukatwa kodi. Tofauti kati ya hesabu hizo mbili ni shilingi 16,233, ambayo ni kodi ya riba ambayo mwishowe hakuipata. Ni haki yake kuuliza kodi hiyo imerekebishwa vipi. Naona hili ndilo swali ambalo wateja hawaliulizi kabisa, na afisa asiyeulizwa hana sababu ya kulifungua.

Jambo jingine linalostahili kusomwa pole pole ni kifungu cha adhabu chenyewe. Vipo vifungu vinavyosema tu kwamba mteja atatozwa adhabu ya asilimia 2, basi. Asilimia 2 ya nini? Ikiwa ni pointi 2 kutoka kwenye kiwango cha riba, kwa mwalimu wetu ni zile 115,068. Ikiwa ni asilimia 2 ya riba aliyochuma, yaani ya 402,740, ni shilingi 8,055 tu. Ikiwa ni asilimia 2 ya mtaji, ni 200,000, na hiyo hailegei hata kama zimebaki siku kumi amana iive. Kifungu kimoja, hesabu tatu, na kati ya ndogo na kubwa kuna karibu shilingi laki mbili. Jibu linatakiwa kuwa kwenye karatasi kabla ya saini ya kwanza, wakati mteja bado ana fedha mkononi na benki bado inazitaka. Pia kuna mikataba inayosema amana ikivunjwa kabla ya muda fulani, kwa mfano miezi mitatu, hakuna riba yoyote, na mingine inayorudisha kila kitu kwenye kiwango cha akaunti ya akiba.

Wapo pia wanaovunja amana bila kujua kwamba wanavunja. Hutokea hivi: amana ya mwaka mmoja inaiva tarehe fulani, mteja anapitiwa, anafika benki wiki mbili baadaye kuchukua chake. Anaambiwa amana ilijiendeleza yenyewe kwa mwaka mwingine, na akiitaka leo anaivunja ikiwa na siku kumi na nne. Riba ya mwaka uliopita ni salama, lakini kama na yenyewe iliunganishwa na mtaji, imefungwa pamoja nao. Chanzo ni kisanduku kimoja kwenye fomu ya kufungulia, kinachouliza nini kifanyike siku ya kuiva: kuendeleza mtaji na riba, kuendeleza mtaji peke yake, au kuweka vyote kwenye akaunti ya kawaida. Kikiachwa wazi, benki nyingi huendeleza. Anayejua kwamba atahitaji fedha zake ajaze chaguo la mwisho, na kama hakufanya hivyo mwanzoni, apeleke maelekezo kwa maandishi kabla ya tarehe kufika na abaki na nakala yenye muhuri wa tawi.

Turudi kwa paa la mwalimu. Alihitaji milioni nne, lakini kwa kawaida amana haikatwi kipande. Ikivunjwa, inavunjwa yote kumi. Njia ambayo kaunta haitajwi mara nyingi ni kukopa kwa dhamana ya amana ileile. Benki huwa tayari kukopesha sehemu kubwa ya kiasi kilichowekwa, na kwa riba ndogo kuliko ya mkopo wa kawaida, kwa sababu dhamana iko mikononi mwake. Tuseme anatozwa asilimia 13 kwa mwaka. Milioni nne kwa siku 155 zilizobaki zitamgharimu shilingi 220,822. Amana itaiva na kumpa 810,000 baada ya kodi. Akitoa gharama ya mkopo anabaki na 589,178. Akivunja anapata 258,904, na milioni sita zinazobaki akiziweka kwenye akaunti ya akiba ya asilimia 2 zitamwongezea kama 45,900 baada ya kodi. Kukopa kunamfaidi kwa zaidi ya shilingi 280,000, kabla ya kuhesabu ada za mkopo, ambazo ni lazima aziulize.

Lakini hesabu hiyo hugeuka kulingana na siku. Kama paa lingeharibika siku ya 20, angelipa riba ya mkopo kwa karibu mwaka mzima, kiasi cha shilingi 491,500, na faida ya kusubiri ingebaki 318,500. Kwa siku chache namna hiyo hata akikosa riba yote hajapoteza kikubwa, na milioni sita zikiwekwa upya kwa asilimia 9 zingempa kama 459,000 baada ya kodi katika siku hizo 345. Hapo kuvunja ni bora. Kadiri amana inavyokaribia kuiva ndivyo mkopo unavyokuwa nafuu na kuvunja kunavyokuwa ghali, kwa hiyo mwenye shida mwezi wa kumi asivunje kabla ya kuomba hesabu ya njia zote mbili. Anayefungua leo naye anaweza kugawa milioni kumi katika amana tano za milioni mbili mbili, ili dharura ya milioni nne ivunje mbili na kuacha tatu ziendelee, mradi aulize kwanza kama kiasi kidogo hakishushwi kiwango.

Kwa aliyekwisha kuamua kuvunja, fomu ya kuvunjia isisainiwe kabla ya kuona mchanganuo uliochapishwa. Uoneshe idadi ya siku, kama mwaka umehesabiwa siku 365 au 360, kiwango kilichotumika na kifungu kinachokiruhusu, adhabu, kodi, na riba iliyokwisha kulipwa. Hesabu ikipishana na mkataba, malalamiko huandikwa kwanza kwa benki yenyewe, yakiambatana na nakala ya hati ya amana. Jibu lisiporidhisha au lisipokuja, Benki Kuu ya Tanzania ina dawati linalopokea malalamiko ya wateja wa mabenki, na kitu cha kwanza litakachotaka kuona ni barua ile ya mwanzo na jibu lake.